Mgonjwa mmoja, karatasi tatu

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi nilipoingia kwa mara ya kwanza kwenye kikao cha kujifunza pamoja na wenzetu wa famasia na udaktari. Tulikaa meza moja, tukapewa mgonjwa mmoja, lakini kila kada ilipewa karatasi yake na ikaelekezwa kuisoma peke yake kwa dakika kumi kabla ya kuzungumza. Hakuna aliyetuambia kwamba karatasi zile hazikufanana. Hilo ndilo lililokifanya kikao kile kiwe na maana, na sasa ninaposaidia kuandaa vikao vya namna hii, ndilo jambo la kwanza ninalolikagua.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 68 mwenye ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Alikuwa amehara na kutapika kwa siku tatu, na siku hiyo miguu ikakosa nguvu hata akashindwa kuinuka kitandani. Aliigizwa na mama mmoja wa kujitolea aliyeandaliwa vizuri, akalala kitandani pembeni ya meza yetu, tukaruhusiwa kumuuliza na kumpima.

Karatasi ya udaktari ilikuwa na majibu ya maabara na kipimo cha umeme wa moyo. Potasiamu 6.9, wakati kikomo cha juu cha kawaida ni kama 5.0 hadi 5.5 kutegemea maabara. Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kuchuja, ilikuwa 290, ilhali miezi miwili nyuma ilikuwa 95. Mapigo 46 kwa dakika, shinikizo la damu 92 kwa 58. Kwenye mchoro wa moyo mawimbi ya T yalikuwa marefu yenye ncha kali na yale ya P yalikuwa karibu kupotea. Karatasi ya famasia ilikuwa na orodha ya dawa kutoka kliniki: enalaprili, spironolaktoni, furosemidi. Yetu ilikuwa na vitu ambavyo kwa haraka vinaonekana vidogo: uzito wa leo kilo 60.5 na wa kliniki wiki mbili zilizopita kilo 64, ulimi mkavu, kizunguzungu akikalishwa, mkojo mililita 90 tu tangu asubuhi, rangi yake nzito.

Mwenzetu wa udaktari alishika kalamu ya ubao, na kwa kweli aliijua kazi yake. Aliona potasiamu, akaona mchoro, akasema hii ni dharura ya moyo na hatusubiri kurudia kipimo. Alikuwa sahihi kabisa. Kisha akaandika mpango: kalsiamu ya kukinga moyo, insulini na sukari ya dekstrosi ya kusukuma potasiamu iingie ndani ya seli, halafu furosemidi ya mshipa ili potasiamu itoke kwa mkojo, hasa kwa kuwa mgonjwa ana moyo dhaifu na hatakiwi kujazwa maji.

Hapo ndipo mwanafunzi mwenzangu wa uuguzi, dada mpole ambaye hakuwa amesema neno, alisoma uzito kwa sauti. Kilo tatu na nusu zimepotea ndani ya wiki mbili. Miguu haijavimba. Akaomba tusikilize mapafu, na mapafu yalikuwa safi. "Huyu hana maji ya kutolewa," alisema. "Maji yameshatoka."

Meza ilinyamaza, na kilichofuata ndicho ninachokithamini zaidi katika vikao hivi, kwa sababu hakuna kitabu cha kada moja kinachokufanya ukipitie. Mwenzetu wa udaktari hakukubali mara moja, wala hakupaswa. Alieleza hofu yake: ukimpa mgonjwa wa moyo maji mengi, usiku atakuwa anakoroma mapovu. Dada yule akaeleza yake: ukimpa furosemidi mtu aliyekauka, figo zitazidi kukosa damu na mkojo hautakuja hata hivyo. Wote wawili walikuwa wanamlinda mgonjwa yuleyule dhidi ya hatari mbili za kweli. Walipokubaliana, hawakugawana tofauti nusu kwa nusu. Walikubaliana juu ya njia ya kupima nani yuko sahihi kadiri muda unavyokwenda: maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mililita 250, kisha simama. Sikiliza mapafu, hesabu pumzi, angalia kiwango cha oksijeni, pima shinikizo. Yakiwa shwari, rudia. Zikisikika krepitesheni, sauti za maji, chini ya mapafu au oksijeni ikishuka, acha na uite daktari. Furosemidi ikawekwa kando hadi mgonjwa awe amejaa maji ya kutosha.

Bado hatukujua kwa nini figo ziliharibika haraka hivyo. Kuhara kunaweza kufanya hivyo kwa mtu anayetumia dawa zile, lakini wanafunzi wa famasia hawakuridhika. Mmoja wao alimuuliza mgonjwa, "Mama, unatumia dawa gani nyingine?" Mama akazitaja zilezile tatu za kliniki. Wa udaktari akauliza tena kwa maneno mengine, jibu likawa lilelile.

Jibu lilikuja kwa mlango mwingine. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunamsaidia kugeuka ili tuangalie ngozi ya mgongo, na mama akakunja uso tulipogusa goti. Nikamuuliza goti linamsumbua tangu lini, na likiuma sana anafanyaje. "Ninameza vile vidonge anavyoninunulia mdogo wangu," alisema. "Viwili kwa siku. Wiki ya pili sasa." Vilikuwa diklofenaki. Baadaye mwezeshaji alitueleza kwamba mwigizaji alikuwa ameelekezwa avitaje pale tu atakapoulizwa habari ya maumivu, kamwe asivitaje kwenye swali la dawa. Ndivyo wagonjwa wengi walivyo: kwao dawa ni zile zilizoandikwa na daktari, na kidonge cha dukani ni kitu cha kutuliza goti tu. Tangu siku hiyo siulizi dawa peke yake. Nauliza maumivu na namna ya kuyatuliza, nauliza usingizi, nauliza tumbo, na kila mara mlango unafunguka mahali tofauti.

Mwanafunzi wa famasia aliposikia neno diklofenaki aliinuka mwenyewe akaenda ubaoni. Akachora chujio la figo, mshipa mdogo unaoingiza damu na mwingine unaoitoa. Alitueleza kwamba kuchuja kunahitaji shinikizo ndani ya chujio. Mshipa wa kuingiza unabaki wazi kwa msaada wa prostaglandini, na diklofenaki huzuia prostaglandini, kwa hiyo mlango wa kuingilia unabana. Mshipa wa kutoa hubanwa na angiotensini pale shinikizo linaposhuka, ili damu isipite bila kuchujwa, na enalaprili huzuia angiotensini isitengenezwe, kwa hiyo mlango wa kutokea unalegea. Furosemidi na kuhara vimepunguza damu yenyewe inayofika. Kila moja peke yake figo ingeistahimili. Zikikutana tatu, shinikizo ndani ya chujio linaanguka na kreatinini inapanda. Juu ya hapo spironolaktoni inazuia potasiamu kutoka, enalaprili nayo inaongezea, na figo iliyosimama haina pa kuipeleka.

Nilikuwa nimesoma dawa hizo zote darasani, kila moja na madhara yake kwenye orodha. Sikuwahi kuziona zikifanya kazi pamoja ndani ya mtu mmoja. Na yule wa famasia, alivyotuambia baadaye, alikuwa anaujua mchoro ule kwa moyo lakini hajawahi kuona namna taarifa ya kidonge cha nne inavyopatikana kwa mgonjwa asiyekihesabu kama dawa.

Baada ya hapo tukaanza kuandika maelekezo kwenye chati ya dawa. Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 30 kwenye mshipa kwa dakika 10, mgonjwa akiwa amefungwa kwenye mashine ya moyo. Miongozo mingine huanza na mililita 10 na kurudia ikiwa mchoro wa moyo haujabadilika. Mwenzetu wa udaktari alisisitiza jambo ambalo sisi wauguzi tunapaswa kulijua tukiwa na bomba la sindano mkononi: kalsiamu haishushi potasiamu hata kidogo. Inatuliza misuli ya moyo, mchoro unaanza kurekebika ndani ya dakika chache, na kinga hiyo hudumu kama dakika 30 hadi 60. Mchoro ukiwa mzuri usidhani tatizo limekwisha.

Kisha ikaja insulini. Aliandika haraka: insulini 10u na dekstrosi 50% mililita 50. Mwezeshaji alikuwa ametuwekea sharti kwamba anayepokea maelekezo lazima ayasome kwa sauti kabla ya kuyatekeleza. Mwanafunzi wa uuguzi akasoma, "Insulini mia moja." Si kwamba alikuwa mzembe. Ile u ilikuwa imefungwa juu kidogo, na karatasini ilikuwa sifuri kamili. Wa famasia akasimamisha kila kitu. Akaomba neno yuniti liandikwe lote, herufi kwa herufi, na akatuonyesha hatari yenyewe kwa vifaa vilivyokuwa mezani. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 kwa kila mililita. Yuniti 10 ni sehemu ya kumi ya mililita, na yuniti 100 ni mililita moja kamili. Ukitumia bomba la kawaida la mililita 2, vyote viwili vinaingia humo na hakuna kinachoonekana cha ajabu machoni pako. Bomba la insulini lenye alama za yuniti lingekufanya usite. Kwa hiyo tuliandika "yuniti 10" na pembeni "kwa bomba la insulini", wawili wakaihakiki.

Ni rahisi kudhani somo pale ni mwandiko. Kwangu ni mpangilio wa watu: mmoja aliandika, mwingine akasoma kwa sauti, wa tatu alikuwa na sababu ya kusikiliza. Angekosekana mmoja, karatasi ingepita.

Mwenzetu wa udaktari alikuwa tayari kuendelea na hatua inayofuata pale dada yule wa uuguzi alipouliza, "Nani atapima sukari, na saa ngapi?" Sukari ya mgonjwa kabla ya dawa ilikuwa 5.6. Wa famasia alieleza kwamba dekstrosi inatumika haraka na insulini inabaki, na kwa mgonjwa ambaye figo zake hazifanyi kazi insulini hubaki muda mrefu zaidi, kwa hiyo sukari inaweza kuanguka saa kadhaa baadaye wakati kila mtu amekwenda kwa mgonjwa mwingine. Anayeanza na sukari chini ya 7 yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Alipendekeza baada ya dozi ifuatie dekstrosi ya asilimia 10 kwa mililita 50 kila saa kwa saa tano. Wa udaktari akakubali, kisha akajumlisha mililita hizo 250 kwenye hesabu ya maji ya mgonjwa wa moyo, jambo ambalo wengine hatukuwa tumelifikiria.

Tulipopanga vipimo vya sukari tukaanza na kila dakika 15 mwanzoni, kisha kila nusu saa, kisha kila saa hadi saa sita zitimie. Kwa mwanafunzi wa udaktari huo ni mstari mmoja kwenye chati: fuatilia sukari. Kwa muuguzi ni karibu mara kumi za kuacha unachofanya, kuchoma kidole, kusoma, kuandika, ukiwa na wodi nzima. Tulilazimika kuandika saa halisi, moja baada ya nyingine, na jina pembeni ya kila saa. Ilipofika saa ya kubadilishana zamu tuligundua kipimo cha saa ya nne kilikuwa kinaangukia katikati kabisa ya makabidhiano, dakika ambazo hakuna mwenye mgonjwa. Tukakipa jina la anayeondoka: apime kwanza, ndipo akabidhi.

Nimeendesha kikao hiki kwa vikundi vingi tangu wakati huo, na vinavyokwama hukwama kwa namna zinazojirudia. Ya kwanza ni kalamu. Anayeshika kalamu ndiye anayeulizwa, na wengine wanageuka kuwa wajibu maswali. Unaitambua kwa kuangalia macho: kila anayezungumza anamtazama mtu mmoja, hata anapomjibu mwingine. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutoanza na maabara. Ninamwomba aliye karibu zaidi na mgonjwa aanze kueleza anachokiona sasa hivi, kisha historia, kisha anadhani kuna nini, kisha anataka kifanyike nini. Hilo la mwisho ndilo gumu. Wanafunzi wa uuguzi hueleza vizuri sana mpaka wanapofika kwenye pendekezo, halafu sauti inashuka na wanasema "sasa sijui daktari ataonaje". Ninawarudisha hapohapo waseme wanachotaka.

Ya pili ni ngumu kuiona kwa sababu inaonekana kama adabu. Kila kada inatoa sehemu yake kwa zamu, wenzake wanasikiliza, wanashukuru, hakuna anayempinga mwingine, na mwisho kuna mipango mitatu iliyokaa sambamba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2010, lilieleza elimu ya namna hii kuwa wanafunzi wa fani mbili au zaidi kujifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja nao. Kikao cha adabu kinatimiza la kwanza tu. Ili kulibaini hilo ninagawa vipande vya karatasi dakika chache kabla ya kumaliza, kila mtu anajibu peke yake: sukari ikishuka hadi kiasi gani unamwita daktari, na ukimwita utampata vipi? Kikundi kinaweza kuwa kimekubaliana kwa kauli moja kuhusu ugonjwa na dawa, halafu vipande vinasema chini ya 4, chini ya 3, na "ikiwa na dalili". Mgonjwa yuleyule, usiku uleule. Ninavisoma kwa sauti bila majina na ninawaacha wamalizane.

Kuna jambo ambalo halitengenezwi na mwezeshaji peke yake: miaka ya masomo. Ukimkutanisha mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho na wa uuguzi ambaye ndiyo kwanza ameanza kuingia wodini, ukimya utakaouona si wa kada, ni wa mtu ambaye bado hajaona. Ratiba za vyuo hufanya jambo hili kuwa gumu, lakini bora kuahirisha kikao kuliko kuwafundisha watu ngazi ambayo haipo.

Sehemu ya mwisho ya kisa ni siku mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani, potasiamu 4.8, kreatinini imeshuka hadi 130. Hapa vikundi huchoka na kuharakisha, ninawazuia. Enalaprili na spironolaktoni zimesimamishwa, lakini ni dawa zinazousaidia moyo wake, hazitakiwi kusimama milele. Barua ya kwenda kliniki inatakiwa kusema nini kimesimamishwa, kwa sababu gani, damu ipimwe lini, na nani anaamua kuzirudisha na kwa kuanza na ipi. Rasimu nyingi zinasema tu "dawa zimebadilishwa". Wa famasia huandika orodha safi ya mpya, na mstari wa zilizosimamishwa unapotea, kwa hiyo kliniki inadhani mama amezisahau na kumwandikia tena zote siku hiyohiyo.

Katika kikao chetu, baada ya barua kukamilika, wanafunzi wawili walikaa na mama kumwelekeza. Asimeze tena diklofenaki wala dawa za jamii yake. Akiugua kwa kuhara au kutapika, asisubiri siku ya tatu, apige simu, kwa sababu baadhi ya dawa zake huenda zikahitaji kusimama kwa muda. Wakamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe, akaeleza vizuri, kisha akauliza: "Na goti langu?"

Hakuna aliyekuwa ameandika chochote kuhusu goti. Karatasi tatu, ubao uliojaa, barua nzuri, na mtu aliyefika hospitali kwa sababu ya goti alikuwa anarudi nyumbani na goti lilelile. Asipopewa kitu, mdogo wake atamnunulia vidonge vilevile kabla wiki haijaisha. Tulikaa chini tena. Wa famasia akapanga parasetamoli kwa vipimo vya saa na kikomo cha siku, akifikiria uzito wake na chakula anachokula. Wa udaktari akalichunguza goti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi na kuandika rufaa ya mazoezi ya viungo. Sisi tukaomba mdogo wake aitwe, kwa sababu ndiye anayenunua, na maelekezo ya dukani lazima yamfikie yeye. Kwenye vikao ninavyoandaa sasa, mdogo wake yupo kwenye kisa, ameketi kwenye kiti pembeni ya kitanda tangu mwanzo akiwa na vidonge ndani ya mkoba, na anasubiri kuulizwa.